Sola na Tangi Juu ya Paa: Picha ya 3D Inaposema Kweli

Picha inaonyesha nyumba ya vyumba vitatu yenye bati la msauzi la rangi ya kijivu, maua kando ya geti na gari safi uani. Juu ya paa, katikati ya mteremko, limekaa tangi jeusi la lita 2,000. Limekaa moja kwa moja juu ya bati, wala hakuna kilicholishikilia. Pembeni yake zimepangwa paneli 18 za sola, zimeinuliwa kwa mwinuko mkali na zote zinatazama kusini. Mwenye nyumba ameipenda picha, ameilipia na ameituma kwa ndugu. Tatizo linajitokeza siku fundi anapoletewa picha hiyo na kuambiwa ajenge kinachoonekana.

Lita 2,000 za maji ni tani 2, bila kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Kenchi na papi za nyumba ya kawaida hupangwa kwa ajili ya kubeba bati na kuhimili upepo. Hazipangwi kubeba tani 2 zilizokusanyika mahali pamoja kwenye mteremko. Paneli nazo zimechukuliwa katika maktaba ya vitu vya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua huwa upande wa kusini na hupita chini. Hakuna mahali Dar es Salaam ambapo fundi mwenye akili timamu angezifunga hivyo.

Wachoraji wengi hudhani kwamba sola na tangi huonekana vya bandia kwa sababu ya rangi au mwanga mbaya. Rangi na mwanga vina sehemu yake, na habari yake inafuata. Lakini kosa kubwa hutangulia rangi, na huanzia pale kitu kinapowekwa mahali ambapo jua, uzito na maji havikiruhusu kukaa. Jicho la mtu aliyekulia mjini limeona matangi na paneli mamia kwa mamia. Huenda asijue kueleza kasoro iko wapi, lakini ataihisi.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba huhamia kusini na kupanda hadi nyuzi 73. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba hupita utosini kabisa, na nguzo iliyosimama wima karibu inapoteza kivuli chake. Maana yake ni kwamba paneli ya Dar es Salaam hulala kwa mwinuko mdogo, nyuzi 10 hadi 15 hivi, ikielekea kaskazini. Kwa hesabu ya jua peke yake hata nyuzi 7 zingetosha, ila mwinuko ukiwa mdogo mno mvua haisombi vumbi, na uchafu hutuama kwenye ukingo wa chini wa paneli. Bati likiwa na mteremko wa nyuzi 15 au 20, fundi hufuata mteremko huo huo na kazi imekwisha. Fremu ya kuinua paneli juu ya bati lenye mteremko wa kutosha ni gharama isiyo na faida, na katika picha ndiyo alama ya kwanza ya paneli iliyonakiliwa kutoka mbali.

Upande wa kaskazini ukikosekana, upande wa mashariki na wa magharibi hufaa pia. Karibu na ikweta, paneli iliyolala kwa mteremko mdogo haipotezi sana kwa kugeuzwa. Nairobi, iliyo karibu nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Mchoraji basi ana uhuru, lakini ni uhuru wa kuchagua mteremko wa paa. Mwinuko wa nyuzi 35 haumo katika uhuru huo.

Programu yenyewe inaweza kumpotosha mtu bila yeye kujua. Kwa miaka mingi, faili jipya la SketchUp ambalo halijaambiwa nyumba iko wapi limekuwa likipiga vivuli vya Boulder, mji wa jimbo la Colorado nchini Marekani, ulio nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Huko jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Mchoraji wa Dar es Salaam asiyebadilisha mahali huanza kazi akiwa na jua la watu wengine, na kila uamuzi unaofuata, kuanzia upande wa paneli hadi upande wa kivuli cha tangi, hukaa juu ya kosa hilo. Kwenye Blender, kiongezi cha `Sun Position` hupewa namba hizi kwa asubuhi ya Juni:

```
Latitude: -6.8
Longitude: 39.28
UTC Zone: 3
Month: 6
Day: 21
Time: 9
```

Saa 3 asubuhi huandikwa 9 hapo, na saa 9 alasiri huandikwa 15. Kisha kaskazini ya ramani ilinganishwe na kaskazini ya kwenye programu kwa kutumia `North Offset`. Wachoraji wengi huruka hatua hii kwa sababu walichora nyumba ikiwa imenyooka kwenye kioo, ilhali kiwanja chenyewe kimekaa mshazari.

Tuchukue sasa nyumba moja ya mfano na kuifuata hadi mwisho. Kuta zake zina urefu wa mita 12 kutoka mashariki hadi magharibi na upana wa mita 10. Paa lina miteremko miwili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, kila mmoja nyuzi 20. Ukingo wa bati uko mita 3 kutoka chini, umetokeza sentimita 60 nje ya ukuta, na kofia ya paa iko kama mita 5. Fundi umeme amepiga hesabu ya matumizi na kusema paneli 6 za wati 550 zinatosha.

Idadi hiyo ndiyo inayoingia kwenye picha. Kujaza paa zima ili lipendeze ni kumwonyesha mteja kitu ambacho hakimo kwenye bajeti yake. Paneli ya wati 550 inayouzwa sana ina urefu wa karibu mita 2.28, upana wa mita 1.13 na fremu yenye unene wa milimita 35. Zikisimamishwa 6 kwa safu moja, zikiachiana milimita 20 za vibano, zinachukua karibu mita 6.9. Mteremko wa kaskazini una karibu mita 6 kutoka ukingo hadi kofia, hivyo safu hiyo inaenea bila shida na kubakiza nafasi pande zote. Nafasi hiyo ni ya lazima. Upepo huvuta kwa nguvu zaidi kwenye kingo za paa, na fundi anahitaji pa kukanyaga. Paneli zilizofika hadi kwenye gata au zilizopanda juu ya kofia hazifungwi na mtu yeyote.

Tangi linakwenda wapi? Hapa maji ndiyo yanayoamua. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa karibu bar 1, na bomba la mvua bafuni liko kama mita 2 kutoka sakafuni. Tangi likiwekwa kwenye jukwaa la mita 1, kama picha nyingi zinavyoonyesha kwa sababu linaonekana nadhifu, maji yatafika kwenye bomba hilo kwa unyonge tangi likiwa limejaa, na yatakoma kabisa yakishuka chini ya kimo cha bomba. Kitako chake kikiwa mita 4.5, kuna mita 2.5 za kimo juu ya bomba la mvua, yaani robo ya bar. Si msukumo wa hoteli, lakini mtu anaoga. Nyumba ya mfano kwa hiyo inahitaji mnara wa nguzo nne za zege zenye slabu juu, au mnara wa chuma wenye jukwaa lililojaa. Kitako cha tangi la plastiki kinatakiwa kikae chote juu ya kitu bapa, kwa hiyo kulichora juu ya vyuma viwili vilivyopishana ni kuchora tangi litakalopasuka.

Tangi la lita 2,000 lina kipenyo cha karibu mita 1.4 na kimo cha karibu mita 1.5, ingawa kila kiwanda kina vipimo vyake. Likiwa juu ya mnara wa mita 4.5, kichwa chake kinafika mita 6, mita moja juu ya kofia ya paa. Wachoraji wengi hushtuka wanapoliona limejitokeza namna hiyo na kulipunguza kidogo kidogo hadi libaki kama ndoo. Mlango wa nje una kimo cha mita 2.1. Tangi la lita 2,000 likiwekwa kando yake lazima lifike zaidi ya theluthi mbili ya mlango, na jaribio hilo la haraka hufichua pia tangi lililopakuliwa mtandaoni kwa vipimo vya inchi na kukuzwa kwa makosa.

Kinachobaki ni upande wa kuliweka. Mnara ukisimama kona ya kaskazini mashariki, saa 2 asubuhi ya Juni kivuli kina urefu wa karibu mara 3 ya kimo. Tangi linalozidi uso wa paneli kwa mita 2 hutupa kivuli cha karibu mita 6 kuelekea kusini magharibi, na kivuli hicho kinalala juu ya paneli za mwanzo. Saa 3 kinapungua hadi mita 3 na kitu. Jua la saa 2 ni dhaifu na hasara yake ni ndogo, ndiyo maana mafundi hujali zaidi muda wa kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Ila ndani ya muda huo paneli zinatakiwa ziwe wazi kabisa. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, na paneli ya kawaida imegawanywa katika sehemu tatu zenye diodi za kukwepesha umeme. Kivuli cha upana wa mkono kikikaa vibaya kinaweza kuizima theluthi nzima ya paneli.

Mnara huo huo ukipelekwa nyuma ya jiko, upande wa kusini, tatizo linaondoka. Juni vivuli vyote vya mchana vinaelekea kusini, mbali na paneli. Desemba vinageukia kaskazini, lakini jua la mchana liko juu mno na kivuli hakifiki hata theluthi ya kimo. Mita moja ya tangi iliyozidi kofia, tena ikiwa imesimama mita 7 kutoka kwenye kofia hiyo, haiwezi kuzigusa paneli za upande wa pili. Mchoraji anaweza kulithibitisha jambo hili bila hesabu yoyote. Apige picha za haraka za tarehe 21 Juni na 21 Desemba, saa 3, saa 6 na saa 9, kamera ikitazama kutoka juu. Picha hizo sita huchukua dakika chache, na pengine zina thamani kubwa kwa mteja kuliko ile ya mapambo.

Nyumba za paa la kuficha zinahitaji uangalifu zaidi. Ukuta unaozunguka paa ukiwa na mita 1 juu ya bati, saa 3 asubuhi ya Juni kivuli chake kina urefu wa karibu mita 1.6. Paneli zilizobanwa kwenye ukuta wa mashariki zitakaa gizani wakati ambapo zingepaswa kuwa kazini. Zikisogezwa katikati na kulazwa kwa mwinuko mdogo, mtu aliye barabarani haoni hata moja. Hilo si kosa la picha. Mchoraji anayezichomoza juu ya ukuta ili mteja azione anachora paa ambalo halitajengwa.

Baada ya mahali kukubalika, ndipo rangi na vioo vinapopata maana. Wachoraji wengi huipa paneli weusi mtupu, na wengine hubandika picha ya paneli juu ya bati kama karatasi ya ukutani. Njia hii ya pili hujulikana haraka, kwa sababu migongo ya bati hupotea pale paneli inapoanzia. Paneli halisi imeinuka sentimita 10 hivi juu ya bati, imekaa kwenye reli za alumini zinazochungulia kidogo mwishoni mwa safu, na chini yake kuna utepe mwembamba wa giza. Utepe huo ndio unaoliambia jicho kwamba kuna kitu kizito kimefungwa pale. Ni umbo rahisi kutengeneza: boksi la milimita 35, fremu, reli mbili, na nafasi ya hewa.

Kioo kina tabia yake. Ukikitazama moja kwa moja, hurudisha karibu asilimia 4 tu ya mwanga, na seli nyeusi zilizo nyuma yake huonekana. Ukikitazama kwa mshazari, hurudisha mwanga mwingi zaidi. Kwa mtu aliyesimama mita 10 mbele ya nyumba yetu ya mfano, upande wa kaskazini, macho yake hukutana na paneli kwa mshazari wa karibu nyuzi 10 tu kutoka kwenye uso wake. Kwa pembe hiyo zaidi ya theluthi ya mwanga wa anga hurudi machoni. Paneli yenye urefu wa mita 2.28 huonekana kama utepe usiozidi nusu mita, na rangi yake ni ya anga, kijivu chenye samawati au weupe wa mawingu, ikiwa na mistari ya fremu. Picha ya kutoka getini inayoonyesha paneli nyeusi tii, pana, zenye kila seli yake, inapingana na jiometri ya nyumba yenyewe. Kutoka juu, kwa jicho la droni, weusi huo unarudi na ni sahihi.

Programu hufanya hesabu hii yenyewe mchoraji akiiachia. Kwenye Blender inatosha kuweka `IOR` ya 1.5, `Roughness` ndogo kama 0.1, na `Base Color` ya buluu nzito iliyokaribia nyeusi. Anga linaloakisiwa liwe lile lile linaloiangaza nyumba. Picha ya anga ikiwa na jua lake upande mmoja, na taa ya jua imewekwa upande mwingine, vivuli vitasema jambo moja na kioo jambo jingine.

Tangi linataka kinyume chake. Plastiki yake huwekwa kaboni nyeusi ili ihimili jua na kuzuia mwanga usiingie ndani kuotesha mwani, lakini likikaa nje miaka miwili halibaki jeusi la wino. Huwa kijivu kizito chenye mng'ao hafifu. `Base Color` ya karibu 0.04 na `Roughness` ya 0.5 huleta hali hiyo. Kona zake zote ni za mviringo kwa kuwa hutengenezwa kwa kuzungushwa ndani ya kalibu, kwa hiyo ukingo mkali wa silinda ya kompyuta hulifichua mara moja. Vumbi hukaa kwenye mikunjo inayolizunguka, na chini ya bomba la kumwagia maji yanayozidi kuna michirizi. Mabomba yenyewe yasisahaulike. Lipo la kupandisha maji kutoka kwenye pampu, lipo la kuyashusha ndani ya nyumba likiwa na koki yake, na lipo hilo la ziada. Tangi lisilo na bomba hata moja ni pambo, na mtu yeyote aliyewahi kupanda kurekebisha boya ataliona hivyo.

Uchafu upimwe kwa kiasi. Nyumba mpya ina tangi jipya na paneli safi, na picha ya siku ya kuhamia haihitaji michirizi ya miaka mitano. Vumbi jepesi kwenye ukingo wa chini wa paneli na ung'avu usio sawa wa plastiki vinatosha.

Kamera ndiyo majaribu ya mwisho. Geti la nyumba ya mfano likiwa kusini, picha ya mbele haitaonyesha paneli hata moja, na mnara wa tangi utakuwa karibu na mtazamaji kuliko anavyopenda. Wapo wanaotatua hilo kwa kuhamisha paneli upande wa kamera na kulifuta tangi. Suluhisho la kweli ni kutoa picha mbili. Moja ni ya kutoka barabarani, tangi likiwa mahali pake na mnara ukiwa umepigwa rangi ya ukuta ili ukae vizuri na nyumba. Nyingine ni ya kutoka juu kaskazini, kwenye kimo cha mita 12 hivi, ambapo paneli 6 zinaonekana zote.

Anayelipia picha ya nyumba yake anaweza kudai mambo mawili kabla ya kutoa fedha za mwisho: picha moja ya kutoka juu yenye mshale wa kaskazini, na picha ya tarehe 21 Juni saa 3 asubuhi inayoonyesha kivuli cha tangi kinaishia wapi. Mchoraji aliyeweka mahali, tarehe na saa kwa usahihi anazitoa siku hiyo hiyo. Asiyeweza kuzitoa hajajua bado jua la kiwanja hicho liko upande gani, na picha yake isipelekwe kwa fundi.